Tupeane uzoefu: mwanafunzi mbishi aliyekufundisha wewe uliyejiita kocha

Kocha wa Jioni
Wakuu, nimetoka bwawani sasa hivi, nywele hazijakauka, na nimeona niandike kabla sijalala. Nafundisha watu wazima kuogelea Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11 na nusu jioni hadi saa 1 usiku. Mchana nina kazi nyingine ya kutwa. Nikifika bwawani nakuwa nimekwisha, na mwezi uliopita nilikuwa nafundisha jicho moja liko kwenye saa ya ukutani.

Kundi la sasa lina watu wanane. Saba siku ya kwanza walishika chuma cha ukingoni, wakazamisha uso, wakapiga miguu, mambo yakaenda. Wa nane ni mama wa miaka 52, muuza vitenge. Wiki nzima hakuachia kile chuma. Nikamwambia, "Mama, legeza mwili, maji yatakubeba." Akanijibu, "Mwalimu, kunibeba nimekubali. Kunishusha je?"

Nikaona ubishi. Wiki ya pili nikamwekea mkono tumboni, nikamwambia naachia, akanikaba hadi kucha zikaniacha na alama. Ijumaa ile nilipandisha sauti mbele ya wenzake, mama wa umri wa mama yangu mdogo. Akatoka majini kimya. Nilidhani anaondoka. Akakaa ukingoni miguu ikiwa ndani ya maji, akasubiri wenzake wamalize, wavae, waage. Taa zilipowashwa akaniambia, "Sasa nionyeshe unavyosimama."

Nikalala kifudifudi juu ya maji, nikasimama. Akasema hajaona, nirudie polepole. Nikarudia. Akasema tena. Nadhani ni mara ya sita ndipo niligundua kwamba miaka yote hii sijawahi kumfundisha mtu kusimama. Mimi nilijifunza utotoni, mwili unafanya wenyewe. Ilibidi nijitazame kama mtu mwingine: magoti yanakuja kifuani kwanza, viganja vinasukuma maji kwenda chini, makalio yanashuka, kichwa kinanyanyuka, nyayo zinatafuta sakafu. Anayeanza hunyanyua kichwa kwanza miguu ikiwa bado imenyooka nyuma. Anabaki amepinda mgongo, anapapasa, anakunywa maji, na maji yenyewe yanaishia kifuani mwake!

Tukafanya kusimama tu. Dakika 40 nzima, hakuna kupiga miguu, hakuna kitu kingine. Kwanza ameshika chuma kwa mikono miwili, halafu mmoja, halafu vidole viwili. Kipindi kilichofuata vivyo hivyo. Leo aliachia. Kama sekunde tatu hivi. Akakunja magoti, akasimama, akapangusa uso kwa viganja, wala hakucheka. Akasema, "Tena."

Wenzangu mnaofundisha jioni mkiwa mmechoka, nani amekutana na mtu wa namna hii?

Mama Pacha
Nimesoma nikajiona mimi. Nililipa mwezi mzima, nikaacha siku ya nne. Hakuna aliyeniambia kuna namna ya kusimama. Nilijua ni mimi tu mzito wa kuelewa.

Baharia Mstaafu
Mnawadekeza. Sisi Tanga tulitupwa gatini maji yamejaa, ukitoka umejifunza. Maji ya chumvi yanabeba, hayana mchezo. Na huyo mama mwambie kitu kimoja tu: ajaze pumzi, aibane, hatazama.

Kijana wa Igoma
Mzee shikamoo, lakini na waliotupwa wasitoke nao tuwahesabu? Unawahesabu waliobaki kusimulia.

Baharia Mstaafu
Marahaba. Mimi nasema nilichokiona kwa macho yangu, wewe unasema ulichokiwaza.

Mkufunzi wa Ziwani
Mzee wangu hapo kwenye chumvi uko sahihi, na nusu ya pumzi pia uko sahihi. Mapafu yakijaa mwili unaelea zaidi. Tatizo ni kile kinachofuata. Mtu akibana pumzi, hewa chafu inajikusanya mwilini, na hiyo ndiyo inayomfanya ahisi kifua kinataka kupasuka, hata kama hewa nzuri bado ipo. Anachomoa kichwa kwa fujo, na kwa kuwa hakutoa pumzi chini, sasa anataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Hapo ndipo maji yanapoingia.

Mimi nawaanzishia kwenye beseni nyumbani, kabla ya bwawa. Uso ndani, unatoa pumzi polepole kama unapoza uji wa mtoto, mapovu yanatoka mfululizo, unanyanyua uso, unavuta kwa mdomo bila haraka. Ukiona mapovu yanatoka kwa mkupuo mmoja halafu kimya, ujue bado anabana.

Jambo jingine, Kocha. Angalia miguu yake ikizama usije ukamwita mbishi tena. Mapafu yako kifuani, miguu ni mfupa na nyama, kwa hiyo miili mingi inaelea kifua juu miguu chini. Wanaume wembamba wenye misuli ndio hasa, wengine huku ziwani kwenye maji yasiyo na chumvi hawaelei kabisa wakitulia. Akitazama mbele badala ya sakafu, miguu inazama zaidi. Mwambie ahesabu vigae vya chini.

Kocha wa Jioni
Hiyo ya beseni naichukua. Vigae nimewahi kumwambia, akaniuliza vya rangi gani. Nilikasirika. Kumbe alikuwa anataka kitu cha kushika kwa macho.

Mwalimu wa Klachi
Mimi ni wa udereva lakini jioni zetu zinafanana. Nilikuwa na kijana alikataa kuondoa gari mpaka nimfundishe kusimamisha. Siku tatu breki tu, gari halijatoka uwanjani. Nilimuona mpotevu wa mafuta.

Kijana wa Igoma
Mkuu mada ni maji.

Mama Pacha
Mwache, anasema kitu kilekile.

Mwana wa Ukerewe
Nimekuwa nasoma tu, ila hapo kwenye kukabwa mkono mmenigusa, ngoja niseme.

Nilikuwa na miaka 17. Tulitoka kuvua dagaa usiku, mimi, binamu yangu na wenzetu wawili, taa za karabai kwenye maboya. Upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka. Mimi najua maji tangu mtoto. Binamu yangu kazaliwa kisiwani, kakulia kisiwani, na hajui. Kwetu wapo wengi kama yeye.

Kitu ambacho hamtaamini ni kwamba hakupiga kelele. Nilikuwa nageuka huku na huku nasubiri kusikia jina langu, kumbe yuko karibu nami kabisa. Mbalamwezi ilikuwepo. Kichwa kimeelekea juu, mdomo unatoka majini unazama, mikono inapiga maji pembeni kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Macho yapo lakini hanioni. Mtu anayetafuta pumzi hana pumzi ya kuitia.

Nikamwendea mbele, uso kwa uso. Kosa hilo. Alinipanda. Mabega, kichwa, akanifanya mimi ndiyo ardhi. Nilimpiga, hakuachia. Nilikuwa nimeshakunywa maji ya kutosha nilipoacha kupigana nikajiachia kuzama, siyo kwa akili, ni nguvu zilikwisha. Nilipozama tu, akaniachia, maana yeye anataka juu na mimi nilikuwa naenda chini. Nikatokea nyuma yake. Nikashika dumu la mafuta la lita 20 lililokuwa linaelea, tupu, limefungwa kifuniko, nikamsukumia kifuani. Alilikumbatia vilevile alivyonikumbatia mimi. Tukakaa hivyo mpaka mtumbwi mwingine wenye karabai ukatufikia. Wenzetu wawili walikuwa wameshika mtumbwi wetu, wazima.

Mpaka leo binamu hapandi hata kivuko. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara, jirani kabisa na gati, watu wakiwa nchi kavu wanaona, alifunga duka siku nne. Hatukumuuliza kitu.

Mama Pacha
Pole sana ndugu. Nimetetemeka hapa nilipo. Kumbe hawaiti?

Mwalimu wa Klachi
Tulizoea kuona mtu anapunga mkono. Kwa hiyo anayepunga siye?

Mkufunzi wa Ziwani
Anayepunga na kuita naye anahitaji msaada, ila bado ana pumzi. Wa kimya amefika mbali zaidi. Ukimuuliza mtu majini "uko sawa?" na hajibu, usisubiri.

Baharia Mstaafu
Kijana, ulifanya kiume. Ila uende nyuma yake tangu mwanzo, mshike chini ya makwapa.

Mkufunzi wa Ziwani
Mzee, hapo sikubaliani. Hiyo ni kazi ya aliyefunzwa. Wengine wote watupe kitu: dumu, kamba, kasia, hata kitenge kirefu, na wao walale chini ukingoni wasivutwe. Tumezika ndugu wawili wawili kwa sababu ya wa pili kumfuata wa kwanza.

Baharia Mstaafu
Na kama hakuna dumu? Nimwangalie mtoto wa jirani?

Mkufunzi wa Ziwani
Sina jibu la hilo ambalo lingekuridhisha.

Kijana wa Igoma
Kocha, huyo mama naye lazima ana kisa kama cha Mwana wa Ukerewe. Umri huo, huenda kuna mtu wake alikuwa MV Bukoba mwaka 1996. Muulize taratibu.

Kocha wa Jioni
Nilishamuuliza leo wakati anajikausha. Nilidhani kama wewe, nikatafuta maneno laini. Akanitazama kama sijaelewa swali langu mwenyewe. Akasema hajafiwa na mtu majini, hajawahi kunusurika, wala haogopi. Anachosema ni kwamba akipanda mahali sharti kwanza ajue anashukaje, ndivyo alivyo hata kwenye bodaboda.

Mwana wa Ukerewe, pole ndugu yangu, na asante. Maneno yako kuhusu kwenda mbele uso kwa uso nimeyasoma mara mbili. Mimi huwa nasimama mbele ya wanafunzi wangu kabisa, hatua moja.

Mama Pacha
Na sisi tulioacha siku ya nne, kundi jipya lini?

Kocha wa Jioni
Tarehe 1, ila vipindi viwili vya kwanza ni kusimama tu, usije ukasema nakula hela yako. Ijumaa huyu mama anataka kusogea hatua nne kutoka ukingoni, kina cha mita 1.2. Ameniomba mkono wangu nisiuweke tumboni. Niuweke pembeni, juu ya maji, pale anapoweza kuuona.