Naomba ushauri: simu mbili zinauza bila mtandao, hesabu ya stoo haikubali

Fundi_Kodi: Wakuu habari za jioni. Nina programu ya Android niliyomtengenezea mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Ukerewe. Simu moja iko kaunta, nyingine iko ghalani. Mtandao ukikata, kila simu inaandika kwenye SQLite yake, ukirudi inapeleka kwenye seva, PostgreSQL.

Jana asubuhi saruji ilikuwa mifuko 40 na mtandao haupo. Kaunta wakauza 5, simu yao ikasoma 35. Ghalani wakatoa 8, yao ikasoma 32. Mtandao uliporudi kaunta wakapeleka 35, ghala wakafuata na 32, seva ikabaki na 32. Mifuko iliyopo ni 27! Tajiri ameshaanza kumtazama vibaya kijana wa kaunta. Nifanyeje?

Mzee_wa_Laini: Mkuu hapo ugonjwa ni mtandao. Nunua ruta inayochukua laini mbili, weka mitandao tofauti, kazi imeisha.

Fundi_Kodi: Asante mzee, ila umeme ukikatika na ruta inazima. Nataka programu ihimili bila mtandao.

Chapchap: Weka safu ya `updated_at` kwenye kila rekodi. Ikija mara mbili, seva ichukue yenye saa ya mwisho. Mimi nafanya hivyo kwenye daftari la wateja, haijawahi kunisumbua.

Dada_Seva: Chapchap, kwa daftari la wateja uko sawa. Mtu akibadilisha namba ya simu, ya mwisho ndiyo tunayoitaka. Lakini rudi kwenye saruji ya mwenzetu: 32 ndiyo iliyokuja mwisho na bado ni uongo. Na saa ya simu usiiamini hivyo. Ikiwa nyuma dakika kumi tu, badiliko jipya litatupwa kwa sababu linaonekana la zamani, na hakuna atakayejua.

Fundi, simu isipeleke salio. Ipeleke kilichotokea: saruji, -5. Saruji, -8. Seva ijumlishe yenyewe, 40 toa 5 toa 8, inabaki 27. Hapo hata ghala wakitangulia kupeleka, jibu ni lile lile. Simu nazo zikishapeleka zao zivute miamala ya mwenzake na kujumlisha upya.

Fundi_Kodi: Nimekupata dada. Ila mtandao ukikata katikati ya kupeleka, simu haijui kama ilifika. Ikituma tena si nitapata -8 mara mbili?

Dada_Seva: Utapata, tena hilo hutokea sana: seva imeshapokea, jibu ndilo limepotea njiani. Kwa hiyo kitambulisho cha muamala kitengenezwe na simu yenyewe muuzaji anapobonyeza "Uza", UUID, na kihifadhiwe pamoja na muamala. Ikirudia kutuma itumie kile kile, isitengeneze kipya. Seva inafanya hivi:

```sql
INSERT INTO miamala (id, bidhaa, idadi, simu)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Ukitaka kupima, tuma, zima data kabla jibu halijarudi, washa tena. Ukikuta mistari miwili inayofanana kila kitu isipokuwa `id`, ujue simu inatengeneza UUID wakati wa kutuma.

Kijana_wa_Kahama: Mimi niko Firestore, na kilichonitesa ni `runTransaction`: bila mtandao inagoma kabisa. Nikahamia `FieldValue.increment(-5)`, hiyo inasubiri kwenye foleni ya simu na kwenda yenyewe mtandao ukirudi. Ila salio likashuka mpaka -3, maana wote wawili waliuza mifuko ile ile ya mwisho.

Chapchap: Si seva ikatae muamala unaoshusha chini ya sifuri?

Dada_Seva: Ikatae vipi na mteja ameshalipa na kuondoka na mzigo? Mimi naiacha hasi ionekane kwa rangi nyekundu, mwenye duka aamue.

Chapchap: Hapo hatukubaliani. Ningeipa kila simu mgao wake asubuhi, kaunta 15, ghala 25, isiuze zaidi ya hapo bila mtandao.

Dada_Seva: Inawezekana kwa saruji. Kwa duka lenye misumari ya saizi zote, nani atakaa kugawa kila asubuhi?

Mama_Hadija_Hardware: Samahani, mimi si wa kompyuta, nina duka tu. Jioni tunahesabu mzigo kwa mkono na kuandika tulichokuta. Hiyo hesabu mnaiwekaje?

Fundi_Kodi: Kwangu muuzaji anaandika 27, programu inatoa tofauti na salio lililoko kwenye simu, inaingiza kama muamala.

Dada_Seva: Mama kauliza swali zuri. Fundi, hiyo itakuumiza. Chukua siku ile ile: kaunta wanahesabu 27, simu yao inajua 35 kwa sababu haijaona zile 8 za ghala, inaandika -8. Baadaye -8 ya ghala inafika. Sasa seva inasoma 19. Zuia kitufe cha kuhesabu mpaka simu zote mbili ziwe zimeshapeleka na kuvuta miamala ya mwenzake.

Fundi_Kodi: Na ikiwa simu ya ghala imezima chaji tangu saa nane?

Dada_Seva: Hapo hata mimi bado natafuta. Kwa sasa wateja wangu wanasubiri ichajiwe.