Amechukua mtihani wangu akauonyesha darasa zima akasema "huyu amechora mkasi"

Wakuu, nimetoka darasani sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kalamu yake nyekundu imemwaga damu kuliko bucha la sikukuu.

Swali lilikuwa chuma kwenye asidi ya pH 0. Tafuta potensheli ya ulikaji na mkondo wa ulikaji. Nikachora mistari miwili, potensheli wima, logi ya mkondo chini. Wa chuma unaanzia -0.44 V kwenye 10⁻⁷ A/cm² na kupanda 0.06 V kila mkondo unapozidi mara kumi. Wa haidrojeni unaanzia 0 V kwenye 10⁻⁶ na kushuka 0.12 V kila mara kumi. Inakatana kwenye -0.25 V na 1.3×10⁻⁴ A/cm². Nimetumia rula, nimehakiki kwa hesabu.

Akainua karatasi yangu juu. "Huyu amechora mkasi." Darasa likaanguka kicheko, hadi anayelalaga nyuma tangu muhula uanze aliamka kucheka. Eti jibu ni kujumlisha -0.44 na 0, gawa kwa mbili, -0.22. MKASI, wakuu!

KutuSugu: Tofauti ya 0.03 V ndiyo imekutoa machozi? Mkasi ni mkasi tu 😂

Mama Elektroni: KutuSugu usimcheke, hiyo 0.03 si ndogo. Simama kwenye hiyo -0.22 usome mikondo. Mstari wa chuma unakupa kama 4.6×10⁻⁴, wa haidrojeni unakupa 6.8×10⁻⁵. Maana yake chuma kinatoa elektroni karibu mara 7 kuliko haidrojeni inavyozipokea. Hizo zinazobaki zinakaa wapi? Zikirundikana kwenye chuma zinakishusha potensheli, mpaka kinachotoka kilingane na kinachopokelewa, na hapo ndipo kwenye makutano ya mwenzetu. Wastani ungepatia kama mistari yote ingekuwa na mteremko mmoja na kuanzia mkondo mmoja. Hapa hakuna hata kimoja.

Mleta uzi: ASANTE MAMA. Na mimi niliandika pembeni kwamba chuma kinapungua kama milimita 1.5 kwa mwaka. Hakusoma hata hilo. Alikuwa anatafuta mkasi.

Dogo Zinki: Kanuni ni rahisi tu, ya chini ndiyo inaliwa haraka. Zinki iko -0.76, kwa hiyo kwenye asidi hiyohiyo inakwisha kabla ya chuma. Hakuna haja ya michoro.

Mama Elektroni: Dogo, umepatia kwamba zinki ina hamu kubwa zaidi ya kuliwa. Kasi ni jambo jingine. Haidrojeni juu ya zinki safi inaanzia kwenye 10⁻¹⁰ hivi, mara elfu kumi chini ya kwenye chuma, ndiyo maana zinki safi huliwa polepole kuliko chuma. Ikiwa na uchafu wa metali nyingine, hapo mambo hubadilika.

Dogo Zinki: Sasa mbona ya maabara yetu ilichemka kama soda?

Mama Elektroni: Ilikuwa safi?

Benchi la Nyuma: Mimi ndiye niliyekuwa nalala. Kwanza nisamehe. Pili, mkasi wako una afadhali. Mimi nilipima kwa mashine, nikapata -0.49 V, nikapewa sifuri palepale.

Mama Elektroni: Ulitumia elektrodi ya kalomeli?

Benchi la Nyuma: Ndiyo ile ya zebaki.

Mama Elektroni: Jumlisha 0.24. Umerudi -0.25, sawa na mleta uzi.

Benchi la Nyuma: NIMEIBIWA. Na mchoro wangu haukuwa na mkasi, ulikuwa na shimo refu katikati, logi inadidimia.

Mama Elektroni: Mashine husoma mkondo uliobaki baada ya kutoa mmoja kwa mwingine. Hapo katikati ni sifuri, lazima idumbukie. Sogea kama 0.05 V hadi 0.1 kila upande ndipo unyoofu uanze, kisha rudisha mistari nyuma ikutane. Kama upande wa chuma haunyooki, amini wa haidrojeni peke yake.

KutuSugu: Sikubali. Mstari mmoja utakutana na nani?

Fundi Betri: Asidi ya betri imenilia fremu ya pikipiki, nipake nini? Naona mnaongelea asidi.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Aliinua karatasi JUU.

Fundi Betri: Nilimwaga jana jioni.

Benchi la Nyuma: Osha kwanza kwa maji mengi na magadi. Halafu nani anajua duka lenye karatasi za logi? Pale getini wanauza moja kwa bei ya chipsi kavu.

Dogo Zinki: Pale getini waliniuzia ya mistari ya kawaida wakasema ni logi!!