Jedwali linasema 3.5% kwa mwezi. Wakopeshaji walazimishwe kuandika riba ya salio?

Muulizaji: Nimepiga picha jedwali la mkopo lililobandikwa ukutani: mkopo 1,000,000, riba 3.5% kwa mwezi, miezi 6, rejesho 201,667. Jirani anasema riba yenyewe inakaribia 6%. Mkopeshaji anashikilia 3.5%. Nani mkweli, na sheria iwabane waandike ipi?

Mhasibu wa Saccos: Muulize kila mmoja: asilimia ya nini? Kuza picha uone safu ya riba. Ikiwa ni 35,000 mwezi wa kwanza na ni 35,000 hadi wa sita, hiyo ni flati. Unatozwa juu ya milioni nzima wakati sehemu yake umesharudisha. Kila rejesho lina 166,667 za deni la msingi, kwa hiyo mwezi wa sita zimebaki 166,667 tu mkononi mwako, na riba bado ni 35,000. Hiyo ni 21% ya ulichobakiwa nacho. Kama 3.5% ingetozwa kwenye salio, rejesho lingekuwa 187,668, na riba yote 126,009 badala ya 210,000. Mimi nasema walazimishwe.

Kikokotoo: Bila kompyuta, tafuta wastani wa deni. Linaanza 1,000,000 na mwezi wa mwisho ni 166,667, wastani 583,333. Gawanya 35,000 kwa hiyo unapata 6%. Jirani yuko sahihi kabisa.

Mhasibu wa Saccos: "Kabisa" hapana. Umechukulia kwamba deni linashuka 166,667 kila mwezi. Riba ikihesabiwa kwenye salio, miezi ya mwanzo inakula sehemu kubwa ya rejesho, deni linashuka polepole, na wastani unakuwa mkubwa kuliko 583,333. Andika hivi kwenye programu ya majedwali ya simu, kama Excel:

```
=RATE(6,-201667,1000000)
```

Inatoa 5.73%. Alama ya kutoa mbele ya rejesho ni lazima, maana pesa inatoka kwako. Ukiisahau unapata kosa badala ya jibu.

Mama Friji: Yangu ni lebo ya dukani. Friji 800,000, punguzo 20%, ukilipa taslimu 10% zaidi. Nimetoa 30% nikapata 560,000, muuzaji anataka 576,000. Naibiwa?

Kikokotoo: Hapana, mama. Ile 10% inakatwa kwenye 640,000, si kwenye 800,000. Punguzo lako lote ni 28%.

Afisa Mikopo: Mnatuonea. Mteja wa kikundi anataka kujua atoe shilingi ngapi kila Jumatatu au kila mwisho wa mwezi. Flati anaihakiki kwa kichwa: 35,000 mara 6. Hiyo 5.73% hata wengi wetu ofisini hatuwezi kumweleza. Tumwandikie shilingi, yatosha. Na tusichanganywe na kausha damu, hao hata jedwali hawabandiki.

Mwanachama, Nakuru: Shilingi zinatosha ukiwa na mkopo mmoja mbele yako. Huku Kenya Saccos nyingi hutoza 1% kwa mwezi kwenye salio. Mkopeshaji wa mlango wa pili anatangaza 1% hiyo hiyo kwa flati, miezi 12, na hiyo kwenye salio ni kama 1.79%. Mabango mawili, namba moja. Mtu atachaguaje?

Afisa Mikopo: Atachagua kwa kulinganisha marejesho, kiasi kile kile na miezi ile ile.

Mwanachama, Nakuru: Na miezi isipolingana?

Mhasibu wa Saccos: Hapo ndipo riba ya salio inahitajika. Ugumu wangu mimi ni kuiandika kwa mwaka. Ukizidisha 5.73 mara 12 unapata kama 69%. Ukiiacha riba izae riba mwezi hadi mwezi, 1.0573 kwa kipeo cha 12, inafika 95%. Ningeandika 69%, kwa sababu hapa mteja analipa riba kila mwezi, hailimbikizwi.

Kikokotoo: Mimi 95%. Mkopeshaji anakopesha tena kila rejesho linaloingia.

Mhasibu wa Saccos: Hiyo ni faida yake, si gharama ya huyu mkopaji.

Muulizaji: Nimerudi kupiga picha sehemu ya chini, ya kwanza niliikata. Kuna maandishi madogo: "ada ya maombi 3%, hukatwa kabla."

Mhasibu wa Saccos: Basi unapokea 970,000 na unalipa kana kwamba ulipewa milioni. Badilisha 1000000 kuwa 970000 kwenye ile fomula. Sasa ni kama 6.71% kwa mwezi.

Afisa Mikopo: Ada si riba. Ni gharama ya kumkagua mteja, na inalipwa mara moja.

Mwanachama, Nakuru: Akikopa tena baada ya miezi 6, haikatwi tena?

Afisa Mikopo: Inakatwa.