Its na it's zinanitoa jasho, naombeni msaada

mpanda_kibo: Wakuu habari za jioni. Naongoza wageni mlimani hapa Moshi, siku hizi imeili nawaandikia mwenyewe, jana nikatuma hii: "Kilimanjaro is famous for it's three peaks. Its a long walk but the guide's will help you." Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, akanirudishia ikiwa na duara tatu nyekundu. Nimekosea wapi jamani, si tulifundishwa apostrofi ni umiliki, na vilele si ni vya mlima?

Mangi_Kiboriloni: Uko sahihi mkuu, John's bag ni begi la John, kwa hiyo it's three peaks iko poa. Huyo mzee anakuonea tu.

dada_Njiro: Mangi hapo kwa John sawa ila it siyo jina. Angalia his, hers, ours, yours, theirs, zote zinamilikisha na hamna hata moja yenye apostrofi, its ni ndugu yao. It's yenyewe ni maneno mawili yamebanwa, it is au it has, apostrofi inakaa pale herufi ilipotolewa. Sasa kaka chukua sentensi yako uifungue, "famous for it is three peaks", unaona inavyogoma? Basi hapo ni its. Ya pili, "it is a long walk", inapita vizuri, kwa hiyo it's. Yaani ulizibadilishana tu 😂 Guide's nayo, ulitaka kusema waongozaji wengi, wingi hauhitaji apostrofi, andika guides.

chalii_wa_ngarenaro: Mi nilijua ng'ombe na ngombe ndo shida, kumbe Waingereza nao

dada_Njiro: Hiyo ya ng'ombe ni kazi nyingine chalii, ile inaonyesha sauti, hamna herufi iliyotolewa.

mpanda_kibo: Nimekupata dada. Mi nimejitungia njia, nikiweza kusema "ni" naweka apostrofi, nikisema "vyake" au "yake" natoa. Inafaa?

dada_Njiro: Upande wa -ake unakubeba vizuri, ila "ni" itakuangusha. "It's raining" kwetu ni mvua inanyesha, "it's stopped" ni imekata, ni iko wapi hapo? Ifungue kwa Kiingereza chenyewe, it is raining, it has stopped. Na usije ukaandika its' na apostrofi mwishoni, hiyo haipo kabisa.

mama_saluni_Sakina: Jamani na mimi kibao changu kimeandikwa WIG'S & BRAID'S, fundi ameshalipwa 😭

Mangi_Kiboriloni: Mama paka rangi juu ya vile vimkia, nani atajua. Ila dada, simu yangu nikiandika its inageuza yenyewe it's, hiyo nayo?

dada_Njiro: Inabahatisha hiyo, isome tena kabla hujatuma.

mpanda_kibo: La mwisho, hema la mpagazi wangu James, ni James' tent au James's tent?

dada_Njiro: Zote utaziona zimechapwa, mi natumia James's kwa sababu ndivyo tunavyotamka.

Mangi_Kiboriloni: Mi nabaki na James'