Naombeni ushauri: tuliyeachana naye bado anaingia kwenye Gmail yangu

Ndugu zangu, nipo Ngamiani, Tanga. Nauza madera, na oda zangu zinakuja Instagram iliyosajiliwa kwa Gmail aliyonifungulia mwenzangu. Tumeachana kwa shari.

Nilibadilisha nywila, usiku akaingia tena. Alibonyeza tu "Forgot password?", msimbo ukaenda kwenye laini yake, kwa kuwa ndiyo namba ya kurejeshea akaunti. Nywila mpya peke yake haimzuii mwenye namba hiyo.

Nimeirudisha kupitia barua pepe ya akiba, ya dada yangu. Nimeitoa namba yake, nimeweka yangu, nikabadili nywila na kuiondoa simu yake kwenye "Your devices". Tatizo, Google wanasema kwa siku 7 wanaweza bado kutuma misimbo kwenye namba ya zamani. Nina hofu, kuna anwani za wateja wangu humo.

Je, niihamishie kwanza Instagram kwenye barua pepe mpya asiyoijua, ndipo nizisubiri hizo siku? Na aliyewahi kuripoti polisi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, alipeleka ushahidi gani? Nimehifadhi picha za tahadhari za kuingia, zenye saa na aina ya simu.