Kikundi cha Familia: BRC ya jamvi la Buswelu, shiti ngapi?

Dada Buswelu: Shikamooni wakubwa. Jamvi la nyumba tunamwaga Jumamosi. Ni m 9.6 kwa m 7, zege sm 10. Fundi kaniandikia BRC shiti 6, ule wavu wa waya wa kulaza ndani ya zege. Nimeenda dukani na tepu yangu, shiti moja ni m 4.8 kwa m 2.4, miraba ya sm 20, waya wa mm 6. Sita zinatosha kweli?

Kaka Igoma: 9.6 mara 7 ni 67.2. Shiti moja ni 11.52. Gawanya, unapata 5.83. Ongeza asilimia 10 ya kulaliana, chukua 7.

Mama Mdogo: Hiyo BRC si ndiyo naweza kufunikia shimo langu la choo? Fundi wangu anadai nondo, naona ananiongezea gharama.

Mjomba: Marahaba wanangu. Mdogo wangu, fundi wako yuko sahihi. Jamvi limelala juu ya udongo, mfuniko uko juu ya hewa na watu watapita pale. Mpe nondo, tena apime kwanza upana wa shimo.

Igoma, umepata 7 lakini kwa bahati. Hesabu ya eneo haijui shiti zinaishia wapi. Zipangeni kwenye karatasi. Kwanza toeni sm 5 kila ukingo, inabaki 9.5 kwa 6.9. Zikilaliana sm 30, shiti mbili kwa urefu zinafika 9.3, na tatu kwa upana zinafika 6.6. Kwa hiyo sita zinaacha pengo la sm 20 huku na sm 30 kule.

Dada Buswelu: Nimemwambia fundi. Anasema pengo dogo hilo atazivuta tu.

Mjomba: Akizivuta, kwa urefu zitalaliana sm 10, kwa upana sm 15. Chukua tepu upime mkia wa shiti, kuanzia ncha hadi waya wa kwanza unaokatiza. Ni sm 10. Maana yake kwa urefu zitagusana mikia tu, hakuna kinachoshika. Nyegezi niliona jamvi lililovutwa hivyo. Ufa ulinyooka kama umepigwa rula, mlemle kwenye maungio, na wa pili ukafuata m 2 na kitu mbele yake.

Kaka Igoma: Sasa kwa nini tusipeleke wavu mpaka kwenye mbao? Hizo sm 5 si za kupoteza.

Mjomba: Ukigusisha mbao, siku ya kuzitoa utaona ncha za waya zinachungulia. Ziwa letu halina chumvi kama bahari ya Dar, ila mvua inapiga ukingo na udongo unabaki na unyevu. Ncha inashika kutu, inavimba, zege la pembeni linabanduka. Na kumbuka ukigusisha, pengo ndiyo linaongezeka.

Dada Buswelu: Basi hiyo ya saba naitumiaje mjomba?

Mjomba: Ichane kwa urefu vipande vinne vya sm 60, ukikata katikati ya mraba. Viwili vinakwenda upande wenye pengo la sm 30, hapo vinalalia sm 30 na kufika mwisho. Viwili vinakwenda upande wa pengo la sm 20. Saba inatosha.

Ila kuna jambo linanisumbua. Ukizipanga mstari kwa mstari, kuna sehemu shiti nne zinakutana kona. Kila shiti ni mm 12 pale waya zinapopandana, nne zinakaribia sm 5. Weka juu ya biskuti za sm 4, vile vipande vya zege vya kuinulia wavu, juu unabaki na sm 1 na kidogo ya zege. Mimi ningeukata mstari wa kati kama matofali, nusu, nzima, nusu. Tatizo, mstari huo unafika m 9 tu, unahitaji kiraka cha sm 80. Hapo inakuwa shiti 8.

Kaka Igoma: Fundi wa kwangu alikata kona moja ya shiti mbili pale zinapokutana, hakuongeza shiti.

Mjomba: Nimeona wanaofanya hivyo. Sijakubaliana nao bado, kwa sababu wengi wanakata kubwa kuliko inavyotakiwa. Tutabishana hapo site.

Dada Buswelu: Nachukua 8. Kuna kirikuu hapa, dereva anasema atazikunja katikati zienee.

Mjomba: Mkatalie! Shiti iliyokunjwa hailali tena, itaruka juu ya biskuti na kutokeza kwenye zege. Moja ina kilo 25 hivi, zote hazifiki 210. Tafuta gari lenye bodi ndefu, zilale bapa.

Mama Mdogo: Shimo langu ni m 1.5 kwa m 2, mjomba. Naomba uje na mimi unione.