Naomba ushauri: tiketi ya treni India, mama ana kitanda mie bado niko foleni

Wakuu habari, niko Delhi na bi mkubwa, kesho kutwa tunaenda Varanasi na ndo mara yetu ya kwanza kupanda treni huku, jamaa wa hoteli katukatia mtandaoni akatutumia picha ya tiketi, yote Kihindi! Muuza duka mmoja kanisomea: daraja SL, yaani behewa la kulala lisilo na eisii, mama ana behewa S4 kitanda 23, cha chini upande wa korido, hapo poa. Mie naona GNWL 31/WL 9, kasema nilianza wa 31 kwenye foleni sasa ni wa 9, ikigeuka RAC ntapata walau nusu kitanda cha kukaa. Sasa chati ya mwisho ya abiria ikitoka bado niko WL, yaani foleni, naruhusiwa kupanda nikae na mama hapo 23 au mkagua tiketi, TTE, atanishusha? Au nikate nyingine mapema?